Jaji akikukata kauli: kuandaa hoja za mdomo kwa kesi ya mazoezi

Wanafunzi wa sheria wanaorudi Malindi likizo hunijia ofisini wakijiandaa kwa mashindano ya kesi za mazoezi, na hotuba ya kurasa kumi na mbili, wameihifadhi neno kwa neno. Kazi yangu ya kwanza ni kuwanyang'anya hizo karatasi. Jaji wa mashindano hakai pale kusomewa. Hotuba iliyohifadhiwa ikikatwa mara moja tu, mwenyewe hajui tena aanzie wapi.

Tuchukue kesi moja. Wavuvi wa Lamu wanasema kuchimba mkondo wa meli kumeharibu maeneo yao ya kuvulia. Wanaomba mambo mawili: kazi isimamishwe, na walipwe fidia. Mfano huu una asili yake: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya hapa Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi wa bandari ya Lamu.

Hatua ya 1: punguza. Ukipewa dakika 15, andaa maneno ya dakika 8. Zilizobaki ni za majaji. Chukua ukurasa mmoja na uandike hoja mbili, kila moja kwa sentensi moja. Chini yake weka kifungu cha sheria, aya ya maelezo ya kesi inayoithibitisha, na amri unayoiomba. Basi.

Hatua ya 2: isemee nje ya sheria. Mashindano mengi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini mimi huwaambia waanze kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyesoma sheria. Nahodha wa dau akikuuliza "sasa wataka nini?" baada ya dakika mbili, hoja bado hujaielewa wewe mwenyewe.

Hatua ya 3: andika maswali unayoyaogopa. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi huteleza. Katika kesi yetu swali lisiloepukika ni hili:

"Wakili, wateja wako wamethibitisha hasara gani?"

Mwanafunzi aliyesoma hujibu kwa furaha kwamba Kifungu cha 70(3) cha Katiba hakimtaki mwombaji aonyeshe kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Ni kweli. Lakini jaji ameshatega: "Vizuri. Basi nikiamuru fidia, nailipia hasara ipi?" Hapo kimya.

Dawa ni kuzitenganisha zile amri mbili mapema, kabla hujaulizwa. Jibu liwe hivi: "Mheshimiwa, kwa amri ya kusimamisha kazi, hapana, hatuhitaji kuthibitisha hasara, Kifungu cha 70(3) kinatosha. Kwa fidia, ndiyo, maana Kifungu cha 70(2) kinaitoa kwa mwathiriwa, na ushahidi wetu wa mavuno yaliyopungua uko aya ya 14." Umekubali jambo moja, na kukubali huko kumeilinda hoja ya kwanza. Ukikataa kila kitu, jaji ataziangusha zote mbili pamoja.

Ukiutegemea uamuzi wowote, fuatilia pia yaliyoutokea baada ya kutolewa. "Je, ulikatiwa rufaa?" ni swali la sekunde tatu linaloweza kukumalizia dakika tatu.

Hatua ya 4: zoea kukatwa. Jaji akianza kusema, nyamaza hapo hapo, hata katikati ya neno. Msikilize mpaka mwisho. Neno lako la kwanza liwe ndiyo, hapana, au "kwa sehemu", kisha sababu, kisha njia ya kurudi: "na ndiyo maana, Mheshimiwa, hoja yangu ya pili..." Usirudie sentensi uliyokatwa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimjibu jaji, "Nitafika hapo, Mheshimiwa." Aliweka kalamu chini na hakuishika tena mpaka nikakaa. Swali likihusu hoja ya pili nawe uko ya kwanza, nenda ya pili sasa hivi.

Tena, si kila swali ni shambulio. Jaji akisema, "Kwa hiyo unachosema ni kwamba wavuvi hawakuulizwa kabla ya kazi kuanza, sivyo?" huenda anakurushia kamba. Nimeona wanafunzi wakiikata kwa sababu walishakunja ngumi. Kama ni sawa, sema "Ndiyo, Mheshimiwa" na uendelee.

Kwa mazoezi, waketishe wenzako watatu, mmoja awe na saa, na wakukate kila baada ya sekunde 40 hivi. Asiwepo anayekuonea huruma. Unajua umeiva ukiweza kuanza hoja ya pili kutoka swali lolote bila kuitazama karatasi.

Hatua ya 5: saa ikiisha katikati ya jibu. Usiongeze mbio. Sema, "Mheshimiwa, muda wangu umekwisha, naomba ruhusa nimalize jibu." Ukiruhusiwa, sentensi mbili, taja amri unazoomba, kaa. Ukikataliwa, shukuru na ukae.