SOMO: Barua ya chuo ya kuthibitisha wewe ni mwanafunzi (benki, ubalozi, nauli)

Wakuu, swali hili linarudi kila muhula ukifunguliwa, na kila mara majibu yale yale yanaandikwa upya. Naliweka lote hapa ili atakayeuliza aelekezwe huku. Nazungumzia vyuo vikuu vya Tanzania. Taratibu ndogondogo zinatofautiana chuo hadi chuo, lakini msingi ni huohuo.

Kwanza, hakuna "barua ya chuo" moja inayomaliza kazi zote. Kila anayeisoma ana swali lake. Meneja wa tawi la benki anataka kujua kama jina hilo ni lako kweli na chuo kinakutambua. Ofisa wa viza anataka kujua kama una kitu cha kukurudisha nyumbani. Wa nauli ya punguzo anataka kujua kama leo hii bado ni mwanafunzi, basi. Ukienda kwa msajili na kusema "naomba barua", utapewa ya jumla yenye mistari mitatu, na ubalozini haitakusaidia.

Hatua ya 1. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uone kama umesajiliwa muhula huu. Kuwa na kitambulisho cha chuo si kusajiliwa.

Hatua ya 2. Kama unadaiwa ada, maliza au pata kibali cha kulipa kwa awamu. Toa nakala ya risiti.

Hatua ya 3. Andika barua ya maombi kwenda kwa msajili (vyuo vingine ni ofisi ya udahili au mshauri wa wanafunzi), ipitie kwa mkuu wa idara. Andika hivi:

> Msajili wa Chuo,
> K.K. Mkuu wa Idara ya …
>
> YAH: MAOMBI YA BARUA YA UTHIBITISHO WA USAJILI KWA AJILI YA UBALOZI WA …
>
> Somo la hapo juu lahusika. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, programu ya …, namba ya usajili …, pasipoti namba … Natarajia kusafiri tarehe 3 hadi 17 Agosti, wakati wa likizo. Naomba barua itakayotaja majina yangu kama yalivyo kwenye kumbukumbu za chuo, kwamba mimi ndiye mwenye pasipoti hiyo, mwaka wangu wa masomo, tarehe niliyoanza na ninayotarajiwa kumaliza, na tarehe ambayo masomo yatafunguliwa baada ya likizo.

Ambatisha nakala ya kitambulisho cha chuo, ukurasa wa picha wa pasipoti na risiti ya ada.

Hatua ya 4. Majina na tarehe. Hapa ndipo wengi wanapopotezea wiki nzima, kwa hiyo soma taratibu.

Chuo kinakuandika kwa majina ya cheti cha kidato cha nne. Pasipoti na NIDA vinafuata cheti cha kuzaliwa. Chukua mfano: cheti cha shule kinasema ASHA J. SALUM, pasipoti inasema ASHA JUMA SALUM. Kwako ni mtu mmoja. Kwa anayelinganisha karatasi mbili mezani ni swali, na yeye halazimiki kukupigia simu kuuliza. Msajili naye hawezi kuandika jina ambalo halimo kwenye kumbukumbu zake, hata ukimwomba kwa upole namna gani. Njia inayofanya kazi ni kumwomba aandike jina la kumbukumbu, kisha aongeze kwamba mwanafunzi huyo ndiye mwenye pasipoti namba fulani. Kwa herufi ya kati iliyofupishwa, mstari huo kwa kawaida unatosha. Kama majina yametofautiana kabisa, kwa mfano jina la tatu ni la babu huku na la ukoo kule, nenda kwa wakili ukaapishwe kiapo kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ukiambatishe. Usikimbilie hati ya kubadili jina kama huna nia ya kubadili jina.

Tarehe nazo: barua ya ubalozi isiyotaja siku ya kufungua chuo haijajibu swali lililoulizwa. "Ni mwanafunzi wetu" haimwambii ofisa kwamba Oktoba unatakiwa darasani. Na kama safari inaangukia katikati ya muhula, hata kwa siku nne, unahitaji barua ya pili: ya ruhusa, itakayosema umeruhusiwa kuanzia lini mpaka lini. Barua ya usajili peke yake hapo inakuumiza, kwa sababu inaonyesha ulitakiwa kuwa darasani siku unazoombea viza.

Onyo: barua ya ubalozi iandikwe Kiingereza au lugha ya ubalozi husika. Ya Kiswahili ni sawa kwa benki.

Hatua ya 5. Kagua kabla hujatoka ofisini. Kuna tarehe? Kumbukumbu namba? Jina na cheo cha aliyesaini, siyo saini tupu? Simu na baruapepe ya ofisi? Muhuri uguse saini lakini usifunike jina. Kwa benki, barua ya utambulisho kwa kawaida ina picha yako ya pasipoti, na muhuri ugongwe nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Kosa likionekana pale linarekebishwa kwa dakika tano. Ukishafika nyumbani unaanza foleni upya.

Hatua ya 6. Toa nakala mbili, tunza halisi kwenye bahasha. Usiifanyie laminesheni.

Kuhusu muda: viza ya Shengeni huombwa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 lakini linaweza kwenda mpaka 45. Kwa hiyo maombi ya barua yaingie kwa msajili wiki mbili au tatu kabla ya miadi yako, siyo miezi mitano kabla. Barua ya zamani inaacha shaka kama bado unasoma.

---

MASWALI

kitivo_b: Mkuu naomba sampo ya barua.

Mtoa somo: Hatua ya 3.

kitivo_b: Nimeona, lakini hiyo ni ya ubalozi. Mimi nataka ya benki.

Mtoa somo: Badilisha anuani na kichwa. Toa safari, tarehe na pasipoti, weka namba ya NIDA (tarakimu 20), jina la benki na tawi. Ambatisha picha mbili.

bumu_la_kwanza: Habari kaka. Mimi ni mnufaika wa mkopo, Bodi bado haijaleta ada chuoni. Akaunti yangu inaonyesha nadaiwa. Nitakataliwa barua?

Mtoa somo: Swali zuri, mdogo wangu. Deni la Bodi si deni lako la mfukoni, lakini mfumo hautofautishi mpaka mtu autazame. Chapisha ukurasa unaoonyesha umepangiwa mkopo na asilimia ya ada, uende nao. Kama Bodi imekupa sehemu tu ya ada, sehemu iliyobaki ni yako na ndiyo watakayokuuliza. Na kama barua ni ya kufungua akaunti ya kupokelea fedha za kujikimu, hakikisha jina la akaunti linafanana na la kwenye maombi ya mkopo. Yakipishana, malipo yanaweza kukwama, na hapo barua ya chuo haitakusaidia.

mwanafunzi_mtarajiwa: Mimi nimechaguliwa tu, sijaripoti. Naweza kupata?

Mtoa somo: Hapana. Ulichonacho ni barua ya udahili, inayosema umepewa nafasi. Uthibitisho wa usajili unasema umeichukua. Baadhi ya benki zinakubali ya udahili kufungua akaunti, waulize tawini.

jamaa_wa_stesheni: Mnajisumbua. Stationari za karibu na chuo wanatengeneza hiyo barua kwa elfu tano, na muhuri juu.

Mtoa somo: Usiwapotoshe watu. Ubalozi una simu ya chuo na wanaitumia. Hati ya kughushi ni sababu ya kunyimwa viza iliyoandikwa kwenye sheria yao, na maombi yako yanabaki kwenye mfumo wa pamoja wa nchi za Shengeni kwa miaka mitano, kila ubalozi wao unayaona. Huku nyumbani kughushi ni jinai. Haya yote kwa barua ambayo chuo kinakuandikia kihalali.

jamaa_wa_stesheni: Sawa mwalimu, mbona wengi wamepita?

Mtoa somo: Nimeshajibu.

finalisti: Niko mwaka wa mwisho, nasafiri Agosti. Kwetu hakuna kufungua tena. Barua iseme nini?

Mtoa somo: Asante kwa kuuliza, hili nililiacha. Usimlazimishe msajili aandike tarehe ya kufungua isiyokuhusu, itakuletea shida. Iseme ukweli: umemaliza mitihani ya mwisho tarehe fulani, matokeo yanasubiri kuidhinishwa, mahafali yanatarajiwa mwezi fulani. Ushahidi wa kurudi utautoa kwingine: barua ya ajira au mafunzo kazini kama unayo, barua ya kupokelewa shahada ya uzamili, au uthibitisho wa anayekugharimia. Nenda mapema, kwa sababu baadhi ya ofisi zikishafunga mwaka zinakuhesabu mhitimu na hazitoi tena barua ya mwanafunzi.

mama_wawili: Na aliyeahirisha mwaka kwa sababu ya uzazi?

Mtoa somo: Dada, uko kwenye orodha ya chuo lakini hujasajiliwa muhula huu. Omba barua inayosema umeahirisha kwa kibali na unatarajiwa kurejea lini. Ambatisha barua ya kibali cha kuahirisha. Kwa benki inatosha mara nyingi. Kwa punguzo la nauli usitarajie.

dalada_la_mbagala: Hilo la nauli hujalieleza vizuri. Konda nikimwonyesha barua atakubali?

Mtoa somo: Konda hasomi barua, anaangalia sare au kitambulisho. Barua ya usafiri ina maana pale kampuni au shirika linapotoa kadi ya punguzo kwa maombi. Hapo wanachotaka ni mambo mawili tu: unasoma muda wote na mwaka wa masomo unaisha lini, maana kadi hufa na tarehe hiyo.

mbongo_london: Naongezea kwa walioko huku. Kadi ya Oyster ya wanafunzi wa miaka 18 na kuendelea haihitaji barua yoyote. Unaomba mtandaoni, unaweka namba yako ya usajili, chuo kinathibitisha chenyewe. Punguzo ni asilimia 30 kwenye tiketi za wiki, mwezi au mwaka, siyo kwa safari ya mojamoja ya kulipa papo hapo.

Mtoa somo: Asante sana mkuu. Na chuo kisipokuwa kwenye orodha yao?

mbongo_london: Basi huipati, hata uwe na barua yenye mihuri kumi. Kabla ya kulipia maombi tafuta chuo chako kwenye orodha yao. Na jina uliloandikisha chuoni liwe ndilo unalojaza kwenye fomu.

Mtoa somo: Huko nako ni majina. Aliyeko Ujerumani: hati yenu inaitwa Immatrikulationsbescheinigung, mnaipakua wenyewe kwenye tovuti ya chuo kila muhula, na mara nyingi haina saini wala muhuri. Usihangaike kutafuta muhuri. Tafuta namba ya uhakiki chini ya ukurasa, na kama chuo chako kinaiweka, usiikate unapotoa nakala.