Ukuta wa Fensi Usimeze Nyumba: Jinsi ya Kurenda Uzio na Geti kwenye Picha ya 3D

Mteja wangu mmoja wa Iyumbu, Dodoma, mzee mstaafu, aliitazama picha ya kwanza niliyomtumia kwa WhatsApp, akanipigia simu. "Kijana, nimekulipa unichoree nyumba au gereza?" Nikaifungua upya picha yangu, nikamwelewa. Nilikuwa nimeweka kila kitu kama kilivyo kwenye ramani: ukuta wa mita 2.4, nguzo, geti la bati zito. Juu ya ukuta lilionekana paa limekaa peke yake kama kofia iliyosahaulika ukutani. Madirisha, baraza, mlango wa mbele, vyote vilikuwa nyuma ya tofali.

Nitaipitia kazi hiyohiyo tangu mwanzo. Mimi natumia Blender kwa injini ya Cycles, lakini hesabu ya kamera ni ileile hata kwenye programu nyingine.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kinachofichwa kabla ya kugusa rangi

Vipimo vya kiwanja vilikuwa hivi. Ukuta wa mbele una kimo cha mita 2.4, na nyumba iko mita 6 nyuma yake. Sakafu imeinuliwa mita 0.45 kutoka ardhini, kwa hiyo ukingo wa chini wa dirisha uko mita 1.35 na lenta iko mita 2.55. Kamera nilikuwa nimeisimamisha barabarani, mita 8 kutoka ukutani, kwenye kimo cha macho ya mtu, mita 1.6.

Mstari unaotoka kwenye kamera na kupita juu ya ukuta unagonga nyumba mahali fulani, na chochote kilicho chini ya hapo hakionekani. Mahali hapo panapatikana hivi:

```
F = K + (U - K) * (a + b) / a
```

K ni kimo cha kamera, U ni kimo cha ukuta, a ni umbali kutoka kamera hadi ukutani, b ni umbali kutoka ukutani hadi nyumbani. F ndiyo sehemu ya nyumba inayofichwa, ukihesabu kutoka ardhini. Kwa mzee wangu: 1.6 + 0.8 × 14 ÷ 8, inakuja mita 3.0 kamili. Lenta iko 2.55. Yaani ukuta ulimeza madirisha yote na nusu mita zaidi juu yake. Hapo hata upake ukuta rangi gani, umepotea.

Hatua ya 2: Amua kama kamera itakaa chini ya ukuta au juu yake

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, kwa sababu akili inatuambia tukirudi nyuma tutaona zaidi. Hilo ni kweli upande mmoja tu. Kamera ikiwa chini ya kimo cha ukuta, ukirudi nyuma unaona zaidi: peleka ile kamera ya mita 1.6 hadi mita 24 kutoka ukutani na F inashuka kutoka 3.0 hadi 2.6. Kamera ikiwa juu ya ukuta, mambo yanageuka, ukirudi nyuma unapoteza. Kamera ya mita 4 iliyo mita 8 kutoka ukutani inaficha mita 1.2 tu, ukiirudisha hadi mita 24, inaficha mita 2.0. Ukizidi kurudi, zote mbili zinaishia kukaribia 2.4, kimo cha ukuta wenyewe.

Kwa hiyo, kama mteja anataka picha ya mtu anayepita barabarani, rudi nyuma. Kwenye kompyuta unaweza kusimama hata ndani ya kiwanja cha jirani wa ng'ambo, ukamfichia ukuta wake, hatajua. Kama anataka nyumba ionekane, inua kamera na uisogeze karibu. Mimi niliichagua mita 4 kwa umbali wa mita 8. Mita 1.2 zinafichwa, na dirisha linaanzia 1.35, kwa hiyo madirisha yote yanatoka yakiwa mazima. Usipande hadi mita 8 au 10 kwa tamaa. Ukifika huko unaanza kuuza paa, na picha inafanana na ya droni.

Kishawishi kimoja kinakuvuta pia upunguze ukuta hadi mita 1.5 kimyakimya ili picha ipendeze. Mimi siwezi. Fundi atajenga 2.4 kama ramani inavyosema, na mteja atasema picha ilimdanganya.

Hatua ya 3: Lenzi, na kuweka kamera sawa bila kuinamisha

Lenzi niliweka `Focal Length` 28 mm. Kwa umbali huo inachukua upana wa mita 18 pale nyumba ilipo, na nyumba ina upana wa mita 14, kwa hiyo inabaki nafasi kidogo pembeni. Kamera ikiwa juu, mkono unawasha kuiinamisha itazame chini. Usifanye hivyo, maana nguzo za geti zitaanza kulala, na kwenye ukuta mrefu ulalo unaonekana haraka kuliko kwenye nyumba. Weka mzunguko wa `X` kwenye 90 kamili, halafu shusha fremu kwa `Shift Y`, iliyo kwenye mipangilio ya lenzi ya kamera.

Jaribio la kwanza niliweka -0.12. Mguu wa ukuta ukaonekana wote, na ukuta ukachukua takriban asilimia 41 ya kimo cha picha, nyumba ikapata 39. Wawili wanagombania kiti kimoja. Nikarudisha hadi -0.05. Sehemu ya chini ya ukuta ikakatwa na ukingo wa picha, ukuta ukabaki chini ya theluthi, na mbingu ikapata nafasi juu ya paa. Ukuta uliokatwa chini hivyo unakuwa kama ukingo wa meza: unaona nyumba iko ng'ambo yake, na jicho halisimami hapo.

Hatua ya 4: Jua, na mti usioonekana

Nyumba ya mzee inatazama magharibi. Jua la alasiri linaiwasha sura ya nyumba, lakini linauwasha na ukuta vilevile. Ukuta uko mbele zaidi, ni mweupe, hauna dirisha wala kivuli cha paa. Ukiuacha hivyo, utakuwa kitu kinachong'aa kuliko vyote.

Kwenye nyongeza ya `Sun Position` niliweka latitudo -6.17, longitudo 35.74, na `UTC Zone` 3. Angalizo dogo kwa vijana wanaoanza: kompyuta haijui saa zetu. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliandika 10 akimaanisha saa kumi jioni, akapata jua la asubuhi upande wa nyuma ya nyumba, akakesha akitafuta kosa kwenye rangi. Saa kumi jioni ni 16.

Mwezi wa nane saa hiyo, jua la Dodoma liko kama nyuzi 35 juu ya upeo, likitokea magharibi na kuelemea kaskazini kidogo. Nikaweka mwarobaini wa mita 6.5, mita 5 mbele ya ukuta, upande wa kushoto wa kamera. Kivuli chake kinapanda ukutani hadi juu, kinauvuka, kisha kinaanguka uani mita 3 na ushee nyuma ya ukuta, kabla ya kuifikia nyumba. Ukuta unakaa kwenye kivuli chenye madoadoa ya mwanga, nyumba inabaki juani. Matawi yakiingia kwenye fremu, nenda kwenye `Object Properties`, `Visibility`, `Ray Visibility`, uzime `Camera`. Mti hauonekani, kivuli kinabaki. Si uongo wa kutisha, kwa kuwa mitaa yetu imejaa miarobaini, na nikimaliza huwa namshauri mteja aupande kweli.

Rangi zenyewe: nyumba niliipa mwangaza wa takriban 0.7 kwenye `Base Color`, ukuta 0.4, kwa rangi ya udongo iliyo karibu na ardhi ya hapa. Ukuta ukielekea kufanana na barabara ya vumbi, unarudi nyuma wenyewe. Nguzo za geti zisiwe na kofia nyeupe. Kofia mbili nyeupe kwenye picha ni macho mawili yanayokukodolea.

Hatua ya 5: Geti na grili

Geti la bati lililofungwa ni ukuta mwingine tu. Nililifungua, likasogea pembeni kwenye reli yake, na nafasi ya mita 4 ikaachia njia ya gari hadi barazani. Jicho likipata mlango linapita, haliulizi tena ukuta.

Kama mteja anataka grili, angalia unaitazama kutoka upande gani. Chukua skwea paipu za milimita 25 zilizoachana milimita 100. Ukizitazama moja kwa moja, asilimia 80 ni uwazi. Ukizitazama kwa mshazari wa nyuzi 60, unene wa paipu unaanza kuziba mianya, na uwazi unashuka hadi asilimia 45 hivi. Ndiyo maana grili inayopendeza kwenye picha ya mbele inageuka bati kwenye picha ya kona. Kwenye picha ya kona, fungua geti au panua nafasi kama mteja amekubali.

Wavu wa waya ni tatizo tofauti. Kwenye picha ya upana wa pikseli 1920 kwa kamera hii, waya wa milimita 3 hauifikii hata pikseli moja, unatoka kama ukungu wa kijivu wenye chembechembe. Usiuchore waya mmoja mmoja. Tumia picha ya wavu yenye uwazi juu ya bapa moja. Ukiona mabaka meusi mahali bapa nyingi zinapopandana, ongeza `Transparent` kwenye `Light Paths`, ambayo kawaida huanzia 8.

Hatua ya 6: Ijaribu kwenye simu

Punguza picha hadi upana wa pikseli 200, iondolee rangi, kisha itazame kwa mbali. Kama kitu cha kwanza unachokiona ni mstari wa ukuta, rudi hatua ya 4. Mteja ataiona kwanza kwenye kioo cha simu, juani, akiwa kwenye bodaboda.

Mzee nilimtumia picha mbili. Ya kwanza ni hii ya mita 4. Ya pili niliirudisha kamera kwenye macho ya mtu, mita 1.6 palepale barabarani, lakini ukuta nikaufanya tofali hadi mita 1.2 na grili juu yake, kimo kikabaki 2.4. Tofali peke yake linaficha mita 0.9 tu, chini ya madirisha. Nikaandika wazi chini ya picha kwamba huo ni ukuta tofauti na wa kwenye ramani. Akanyamaza siku mbili, kisha akapiga: "Hii ya pili, nondo zake zitakuwa bei gani?" Nikamwambia, shikamoo mzee, hilo muulize fundi wa kuchomelea.