Gawa orodha yako ya barua pepe kabla ya msimu: mnunuzi, mtazamaji na aliyekata mguu

Kugawa orodha katika makundi matatu si kazi ngumu. Ugumu upo sehemu moja tu, nayo ndiyo inayoharibu kampeni nyingi za msimu: kujua nani amekata mguu kweli, na nani bado ni mteja wako ila wakati wake wa kununua haujafika. Ukikosea hapo, unamwandikia mteja mwaminifu "tumekukosa sana, rudi" pamoja na punguzo kubwa, naye hakuwa ameondoka popote. Alikuwa anangoja msimu, kama afanyavyo kila mwaka.

Nitatumia mfano wa duka la mtandaoni linalouza shajara, madaftari na kalamu. Orodha ina anwani 4,000, na msimu wake mkubwa ni kuanzia Novemba mosi hadi katikati ya Januari, watu wanapotafuta shajara za mwaka mpya. Kazi ya kugawa inafanyika tarehe 20 Oktoba. Kila kitu kinafanyika kwenye Excel au Google Sheets, na matokeo yanarudishwa kwenye programu yako ya kutuma barua kama lebo.

Hatua ya 1: Safisha oda na anwani

Pakua oda zote za miaka miwili au zaidi. Chini ya hapo hutauona mzunguko wa mwaka hata ukiwa mbele ya macho yako. Ziweke kwenye karatasi uliyoipa jina `Oda`: safu A anwani, safu B tarehe. Futa oda zilizoghairiwa na zile ambazo mteja alirudishiwa pesa zote. Aliyerudisha kila alichonunua hana sababu ya kusomeka kama mnunuzi.

Kisha pakua orodha ya watu uiweke kwenye karatasi `Watu`: A anwani, B hali ya usajili, ukiandika "yupo" kwa kila ambaye hajajiondoa, na D tarehe ya mwisho alipobofya kiungo. C, E na F ziache wazi kwa sasa. Anwani za pande zote mbili zipitishe hapa kwanza, kisha ubandike matokeo kama thamani:

```
=LOWER(TRIM(A2))
```

Nafasi moja tupu iliyofichika mwishoni mwa anwani inatosha kumfanya mnunuzi wako bora aonekane hajawahi kununua chochote.

Hatua ya 2: Tafuta ukomo kutoka kwenye oda zako mwenyewe

Watu wengi huchukua siku 90 au 180 kwa sababu ndivyo walivyosikia. Lakini muuza kalamu na muuza magodoro hawawezi kuwa na ukomo mmoja. Ukomo unatoka kwenye mapengo: siku ngapi hupita kati ya oda moja na inayofuata ya mteja yuleyule.

Panga karatasi ya `Oda` kwa anwani, kisha kwa tarehe. Kwenye C3 andika hii na uishushe hadi chini:

```
=IF(A3=A2,B3-B2,"")
```

Sasa usikimbilie kutafuta wastani. Hesabu kwanza mapengo mangapi yako kati ya siku 1 na 30, mangapi kati ya 31 na 60, na kuendelea hivyo hadi 400, kisha uchore grafu ya nguzo. Mapengo ya sifuri yaache kando, kwa kuwa mara nyingi ni mtu aliyegawanya oda moja mara mbili siku hiyohiyo.

Kwenye duka letu la shajara grafu inaonyesha vilima viwili. Cha kwanza kiko kati ya siku 30 na 150: hawa ni watu wa madaftari na wino, wanaorudi kila wanapoishiwa. Halafu kuna bonde karibu tupu. Kilima cha pili kinainuka kati ya siku 330 na 390, na hao ni watu wa shajara moja kwa mwaka. Ukichukua wastani wa vyote viwili unapata namba iliyoangukia bondeni, mahali ambapo hakuna mteja hata mmoja anayeishi. Ndiyo maana grafu hutangulia hesabu.

Ukishaviona vilima, tafuta ukomo ndani ya kilima cha kwanza peke yake. Nakili mapengo yaliyo chini ya siku 200 kwenye safu nyingine, tuseme G, kisha:

```
=PERCENTILE(G:G,0.8)
```

Jibu ni idadi ya siku ambazo ndani yake asilimia 80 ya marejeo ya kawaida hutokea. Tuseme imekuja 138. Ipandishe hadi 150, usiishushe. Mapengo unayoyaona ni ya waliokwisha kurudi. Wapo watakaorudi kesho ambao hesabu hii haiwajui bado, kwa hiyo daima inaegemea upande mfupi.

Kama grafu yako ina kilima cha kwanza tu, biashara yako haina wateja wa mwaka kwa mwaka, na kundi la nne ninaloliongeza hapa chini hulihitaji.

Hatua ya 3: Andika mipaka mahali pamoja

Fungua karatasi ya tatu, `Mipaka`. Kwenye B1 weka tarehe ya kazi (20 Oktoba), B2 ukomo (150), B3 mwanzo wa msimu uliopita na B4 mwisho wake. Usitumie `TODAY()`. Ukiitumia, watu watahama kundi wakati bado unaandika barua zao, na hesabu ya Jumatatu haitalingana na ya Alhamisi.

Hatua ya 4: Mpe kila mtu kundi moja tu

Kwenye `Watu`, safu C inaleta oda ya mwisho, na E inahesabu oda za msimu uliopita:

```
=MAXIFS(Oda!B:B,Oda!A:A,A2)
=COUNTIFS(Oda!A:A,A2,Oda!B:B,">="&Mipaka!$B$3,Oda!B:B,"<="&Mipaka!$B$4)
```

Asiyewahi kununua atapata 0 kwenye C: akiwa amebofya ndani ya siku 90 ni mtazamaji, la sivyo ni kimya. Kisha safu F inaamua:

```
=IF(B2<>"yupo","usimtumie",
 IF(C2=0,IF(D2>=Mipaka!$B$1-90,"mtazamaji","kimya"),
 IF(Mipaka!$B$1-C2<=Mipaka!$B$2,"mnunuzi",
 IF(E2>0,"wa msimu","amekata mguu"))))
```

Mpangilio wa maswali ndio roho ya fomula hii. Aliyejiondoa anatoka kwanza, hata kama alinunua jana. Kununua kunashinda kubofya, kwa hiyo mnunuzi anayetazama bidhaa kila siku anabaki mnunuzi. Na kabla mtu hajaitwa amekata mguu, anaulizwa swali la mwisho: je, alinunua msimu uliopita?

Mfuate mteja mmoja. Oda yake ya mwisho ni tarehe 20 Novemba mwaka jana, shajara moja ya jalada la ngozi. Hadi 20 Oktoba zimepita siku 334. Ukomo ni 150, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida huyu amekata mguu siku nyingi. Lakini E ina 1, naye anaangukia "wa msimu", mahali pake hasa. Kwenye orodha yetu ya 4,000, matokeo ni wanunuzi 620, watazamaji 780, wa msimu 410, waliokata mguu 690, kimya 1,190, na 310 wasiotumiwa. Bila lile swali la mwisho, waliokata mguu wangekuwa 1,100, na zaidi ya theluthi yao wangepewa punguzo la kurudishwa wakati walikuwa njiani kuja.

Mtu aliyenunua msimu uliopita mara moja tu, hujui kama atarudia. Mimi humweka kwa wa msimu hata hivyo. Kumkumbusha mtu ambaye hatarudi hakugharimu kitu kikubwa, ila kumwambia mteja wako kwamba amepotea kunamfanya aone humjui.

Kwa watazamaji nimetumia kubofya, si kufungua barua, kwa makusudi. Tangu Apple ilipoleta ulinzi wa faragha wa barua pepe mwaka 2021, programu yake ya Mail hupakua picha za barua yenyewe, na barua huhesabiwa imefunguliwa hata kama mtu hakuigusa. Kubofya nako kuna kasoro yake: mifumo ya usalama ya baadhi ya kampuni hubofya viungo vyote ili kuvikagua. Utaigundua kwa kuwa viungo vyote vimebofywa ndani ya sekunde chache baada ya barua kufika. Mtu wa namna hiyo futa tarehe yake kwenye D.

Hatua ya 5: Kagua kwa macho

Jumlisha makundi yote. Lazima yafike 4,000 kamili. Halafu chagua watu kumi kutoka kila kundi na usome historia zao mmoja mmoja. Ukikuta "mtazamaji" unayemfahamu kuwa amenunua, kwa kawaida ananunua kwa anwani moja na kusoma barua kwa nyingine.

Hatua ya 6: Barua nne, kazi nne

Mnunuzi hahitaji punguzo. Mpe nafasi ya kuchagua kabla ya wengine, na umwonyeshe kinachoendana na alichonacho. Kumpa bei ya chini kwa kitu alichonunua wiki mbili zilizopita ni kumwudhi.

Wa msimu mwandikie kwa kutaja bidhaa yenyewe: "Mwaka jana ulichukua shajara ya jalada la ngozi. Ya mwaka ujao imefika, karatasi ni zilezile." Itume siku kumi hivi kabla ya tarehe aliyonunua mwaka jana, kabla hajaanza kuzunguka madukani.

Mtazamaji ana swali ambalo halijajibiwa. Angalia alibofya nini. Kama ni shajara za ukubwa tofauti, mwekee picha mbili kando ya mkono wa mtu, na umwambie oda ya mwisho ni lini ili imfikie kabla ya Januari. Punguzo bila jibu halimsaidii.

Aliyekata mguu mwandikie barua fupi moja, na hapa ndipo punguzo lina mahali. Weka pia kitufe cha wazi cha kujiondoa. Watume mafungu madogo, mathalani 100 kwa siku, kwa sababu anwani za zamani hurudisha barua na wenyewe huwa wepesi kubonyeza "spamu". Google huwataka watumaji wabaki chini ya asilimia 0.1 ya malalamiko na wasifike kabisa asilimia 0.3, yaani watu 3 katika 1,000. Ukiona barua zinazorudi zinaongezeka kwenye fungu la kwanza, simama, safisha anwani, kisha uendelee. Kundi la kimya usilitumie chochote msimu huu, la sivyo litazivuta chini barua za wengine wote.

Hatua ya 7: Hamisha watu msimu ukiendelea

Kila asubuhi ongeza oda za jana kwenye karatasi ya `Oda` na tarehe mpya za kubofya kwenye `Watu`, sogeza tarehe ya B1, na urudishe lebo mpya kwenye programu ya kutuma kabla ya barua inayofuata kuondoka. Aliyenunua jana baada ya barua ya kwanza asipokee leo ya pili inayomsihi anunue.

Kwenye kila kundi acha mtu mmoja katika kila kumi bila barua. Msimu ukiisha, linganisha oda kwa kila watu 100 waliopata barua na oda kwa kila 100 wasiopata. Kwa kundi la 410, walioachwa ni 41 tu, na oda mbili tatu zinaweza kuligeuza jibu. Hapo unganisha misimu miwili kabla ya kuamua. Tofauti ikiwa ndogo kwa wa msimu, maana yake wangekuja wenyewe, na mwaka ujao barua yao inaweza kuwa moja badala ya kadhaa.