Nyaraka za Sura ya Sita: jinsi ya kuzipata ukitumia Kituo cha Huduma

Anayeitwa kazi serikalini nchini Kenya mara nyingi hudaiwa nyaraka za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu: cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, DCI, cheti cha kulipa kodi cha KRA, cheti cha bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, fomu ya tume ya kupambana na ufisadi, EACC, na ripoti ya mkopo. Hiyo ya mwisho hutolewa na kampuni binafsi. Zile nne nyingine zina madawati katika vituo vingi vya Huduma, mpango wa kuweka huduma za serikali chini ya paa moja ulioanza Nairobi mwaka 2013.

Anza na DCI, kwa sababu cheti chake ndicho huchelewa zaidi. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jaza ombi ukiandika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha ulipe Sh1,050. Chapisha ankara na fomu C24. Fomu hiyo ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Wengi huichapisha kwenye karatasi mbili, wakarudishwa mlangoni. Beba kitambulisho halisi pamoja na nakala yake.

Kituoni chukua tiketi ya foleni na utaje huduma unayoitaka, maana kila dawati lina foleni yake. Kabla ya kupigwa alama za vidole, nawa mikono uikaushe vizuri. Jasho husambaza wino, na vidole vilivyosuguliwa na saruji au jembe huacha mistari hafifu. Mwombe afisa arudie pale pale, kwani alama isiyosomeka hugunduliwa baadaye, wakati wa uchunguzi, na hapo utaitwa upya.

Elewa kwamba paa moja linakupunguzia safari tu. Alama zako bado hulinganishwa na kumbukumbu za DCI, na dawati la kituoni haliwezi kuharakisha kazi hiyo. Cheti kikiwa tayari, utakipakua kwenye akaunti yako ya eCitizen.

Faida ya madawati kuwa pamoja huonekana pale jambo linapokwama. Chukua mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa: ana PIN lakini hajawasilisha ritani, akidhani asiye na mapato hahusiki. Anapoomba cheti cha kodi kwenye iTax, tovuti ya KRA, anakataliwa. Akitoka kupigwa alama, anavuka hadi dawati la KRA, anaonyeshwa miaka inayokosekana, na anajaza ritani za sufuri. Kila mwaka uliopita tarehe ya mwisho, Juni 30, una faini ya Sh2,000, nayo ni lazima ishughulikiwe kabla cheti hakijatoka. Angeenda kwanza ofisi ya DCI, halafu ya KRA, siku mbili zingekwisha.

Kwa HELB, taja hali yako waziwazi. Aliyemaliza mkopo hupewa cheti cha kumaliza deni, na anayeendelea kulipa vizuri hupewa cha kutimiza masharti. Fomu ya EACC ijaze nyumbani, uende nayo ikapigwe muhuri.

Si kila kituo kina madawati yote manne. Uliza kabla ya kupanda matatu.