Chumba kimoja waifai inasumbua? Soma dBm na kelele kabla ya kununua kitu

Vile vistari vya waifai kwenye simu usiviamini, tafuta namba ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Mimi natumia Mac kwa kazi hii maana inaonyesha vyote viwili: shikilia Option, bofya alama ya waifai, utaona RSSI (nguvu ya mawimbi) na Noise (kelele). Windows andika hii:

```
netsh wlan show interfaces
```

Itakupa asilimia. Gawa kwa mbili kisha toa mia, yaani 50% ni kama -75 dBm. Kelele haitakuonyesha.

Namba ni hasi, kwa hiyo -50 ni nzuri kuliko -75. Na kila ukishuka 10, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi, so usidharau tofauti ndogo.

Pima kwanza karibu na ruta, halafu chumba kibovu. Nyumbani kwa shemeji sebuleni ilikuwa -45 na kelele -93, tofauti yake 48, hiyo ndo SNR. Chumba cha nyuma -76, kelele ileile -93, SNR 17. Video inakwama hapo. Kelele haijabadilika, maana yake mawimbi yanazuiwa njiani. Ingekuwa RSSI -52 halafu kelele imepanda hadi -70, SNR ni 18, karibu sawa, ila tatizo jingine kabisa: kuna kitu kinachafua hewa, kama maikrowevu kwenye 2.4 GHz, na hapo kusogeza ruta hakusaidii sana, hamia 5 GHz.

Sasa hapa ndo watu wanapotea masaa. Hakikisha vipimo vyote ni vya bendi moja, maana laptopu ikiwa inatembea inaweza kuruka toka 5 GHz kwenda 2.4 bila kukwambia, RSSI inapanda ghafla unadhani chumba kimepona. Angalia Channel kila unaposoma. Usisimame kati ya laptopu na ruta, mwili unakula mawimbi, na subiri namba itulie maana inacheza hata ukiwa umekaa. Halafu waifai za majirani mara nyingi hazionekani kwenye Noise, kwa hiyo RSSI nzuri, kelele chini, na bado mtandao mzito, basi chaneli imejaa au shida iko kwenye laini ya intaneti yenyewe, chomeka waya kwenye ruta uone.

Kisha tembea polepole kuelekea chumbani ukisoma. Kwa shemeji koridoni -56, mlangoni -61, kitandani -76. Desibeli 15 zimepotea kwa hatua chache! Katikati palikuwa na kabati kubwa la milango ya vioo, na kioo cha kujitazamia kina utando wa metali nyuma unaorudisha mawimbi. Yeye alishataka kununua kirefusho cha waifai, mimi sivipendi, vingi vinagawana hewa ileile na kasi inapungua. Tukavuta waya, ruta ikakaa koridoni juu, usawa wa mlango, mawimbi yakapita pembeni ya kabati. Kitandani ikasoma -62, SNR 31.