Kabla ya kuchagua "Yote ni sahihi" au "Hakuna jibu sahihi" katika maswali ya sarufi

Swali la kawaida la kuchagua hukutaka ulinganishe: kati ya haya manne, lipi ndilo? Chaguo la mwisho likishakuwa "Yote hapo juu ni sahihi" au "Hakuna jibu sahihi", swali limegeuka bila kupiga hodi. Sasa una maswali matatu ya ndiyo au hapana, na lile la nne ni jumla ya majibu yako matatu. Anayelijibu kwa mazoea husoma A, akaliona halina kasoro, akaweka alama na kwenda zake. Nimesahihisha karatasi nyingi za namna hiyo. Mtahiniwa sarufi anaijua, ila aliacha kusoma mapema.

Kwa hiyo, kabla hujagusa machaguo, rudi kwenye maagizo. Tazama kama unatakiwa jibu moja, au yanaruhusiwa zaidi ya moja, kwa sababu kuna hila moja nitakayoieleza baadaye inayotegemea jambo hilo hilo. Tazama pia kama yanasema "jibu sahihi" au "jibu lililo sahihi zaidi". Neno "zaidi" haliendi pamoja na "Hakuna jibu sahihi": katika vitu vitatu, daima kipo kinachozidi wenzake, hata kama vyote ni vibovu. Ukikutana na swali lenye vyote viwili, ujue mtunzi alipitiwa, na mara nyingi jibu alilolikusudia ni mojawapo ya matatu ya juu.

Kisha soma shina la swali, yaani ile sentensi inayouliza, ukitafuta ukanushi. "Sentensi ipi si sahihi?" likifuatwa na "Hakuna" maana yake hakuna sentensi yenye kosa, zote ni nzima. Na "Yote hapo juu" chini ya shina hilo hilo maana yake zote zina kosa. Kichwa kilichochoka hupindua mambo hapo. Dawa yake ni kuandika pembeni, kwa penseli, maneno mawili tu: "natafuta kosa". Baada ya hapo usilisome tena lile "si", fuata ulichoandika.

Jambo dogo la kompyuta: mitihani ya kwenye skrini huweza kuchanganya mpangilio wa machaguo. Niliwahi kutunga jaribio, programu ikalipandisha "Yote hapo juu" hadi nafasi ya kwanza, juu yake hakuna kitu. Ukiliona hivyo, lichukue kuwa linahusu machaguo mengine yote, popote yalipo.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Swali liwe hili:

Sentensi ipi ina upatanisho sahihi wa kisarufi?
A. Kipofu huyu amefika mapema.
B. Vifaranga wale wamekua.
C. Rafiki yangu amekuja.
D. Zote hapo juu.

Funika B, C na D kwa karatasi. Kwenye skrini, ambako huwezi kufunika, soma A peke yake kwa sauti ya chini. Usijiulize kama A inaipita B. Jiulize kama A ingesimama peke yake kwenye ukurasa mtupu. Halafu usiihukumu sentensi nzima kwa mkupuo. Tafuta nomino, kisha hesabu kila neno linalopaswa kupatana nayo. Katika A nomino ni "kipofu", na yapo maneno mawili yanayoifuata: "huyu" na "amefika". Umbo la ki- linakuvuta useme "hiki" na "kimefika", lakini kipofu ni mtu, na nomino ya kiumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA. Yote mawili yako sawa. Andika S ya sahihi.

Funua B, ufunike nyingine. "Vifaranga" nao wana umbo la vi-, nao ni viumbe hai: "wale" ni sawa, "wamekua" ni sawa. Hapa ndipo mtunzi mjanja hupenda kutega. Angeandika "Vifaranga vile wamekua", kitenzi kingekuwa kizima na kionyeshi kibovu, na jicho linalokimbilia mwisho wa sentensi lisingeona kitu. Sentensi yenye pointi mbili za upatanisho na moja ikavunjika ni sentensi mbovu; haipati nusu alama. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu neno kwa neno.

C ndiyo inayowaangusha wengi. Kitenzi "amekuja" kinafuata A-WA kama kawaida, kwa hiyo mtu hutegemea kimilikishi nacho kiwe "wangu". Lakini nomino za ukoo na mahusiano zisizo na kiambishi cha m-, kama baba, mama, ndugu, rafiki na jirani, huchukua kimilikishi cha I-ZI: baba yangu, ndugu zangu, rafiki yangu. Ukiwa umekwisha kuandika S kwa A na B, na ukakumbuka kanuni hii, C ni S pia, na jibu ni D. Usipoikumbuka, andika alama ya kuuliza. Usiandike K ya kosa kwa sababu tu sentensi imekutia wasiwasi.

Alama hiyo ya kuuliza ina faida. Ukiwa na S, S na ?, na maagizo yanataka jibu moja tu, huhitaji kuijua C. A na B haziwezi kuwa majibu yote mawili, kwa hiyo linalobaki ni D. Hii ndiyo hila niliyoitaja. Si ujuzi wa sarufi, ni ujuzi wa umbo la swali, na watunzi wanaujua udhaifu huo: watafiti wa upimaji Haladyna, Downing na Rodriguez, katika kanuni zao 31 za utungaji wa maswali za mwaka 2002, wanamshauri mtunzi aliepuke chaguo la "yote". Hila yenyewe ina mipaka miwili. Haifanyi kazi palipo na chaguo kama "A na B tu", maana hapo S mbili zinaweza kuwa ndilo jibu. Wala haifanyi kazi pale unaporuhusiwa kuchagua zaidi ya moja. Upande wa pili ni mwepesi zaidi: K moja ya uhakika inatosha kuliua "Zote", hata kabla hujasoma zilizobaki.

"Hakuna jibu sahihi" haina njia ya mkato ya namna hiyo. S moja ya uhakika inaliondoa, hilo ni kweli, lakini ukiwa na K, K na ?, bado umesimama njia panda. Hapa maandalizi ni ya aina nyingine: tengeneza jibu lako kabla ya kuyatazama machaguo.

Ukanushi wa "Mgeni amekula" ni upi?
A. Mgeni hamekula.
B. Mgeni hakula.
C. Mgeni hali.
D. Hakuna jibu sahihi.

Funika yote manne, uandike lako. Kiambishi -me- cha hali timilifu, kwa sarufi inayofundishwa darasani, hukanushwa kwa -ja-. Mzizi ni -l-, wa kitenzi cha silabi moja. Ile ku- iliyoonekana katika "amekula" haionekani baada ya -ja-. Unapata "Mgeni hajala". Sasa funua, utafute "hajala". Haipo. Lakini usikimbilie D. Hakiki kila moja, kwa sababu huenda lako ndilo lenye kosa.

A imebandika h- mbele ya umbo yakinishi na kuiacha -me- mahali pake. Kiswahili hakikanushi hivyo. B ni neno zima, halina kasoro ya umbo. Ila ni ukanushi wa "Mgeni alikula". C nayo ni nzima: ni ukanushi wa "Mgeni anakula". Hapa ndipo ulipo ugumu wa maswali ya namna hii. Kinachopimwa si kama neno lipo katika lugha, bali kama linajibu shina hili. Kwa hiyo kila chaguo lirudishe nyuma: ukiliondolea ukanushi, linakuwa nini? "Hakula" inakurudisha kwa "alikula", siyo kwa "amekula". Jibu ni D, na sasa unalo kwa sababu nne badala ya hisia moja.

Nakiri kwamba B ina ubishi kidogo. Katika mazungumzo ukiuliza "Mgeni amekula?" unaweza kujibiwa "Hakula", na hakuna atakayeshtuka. Ndiyo sababu kabla ya mtihani ni lazima ujue unapimwa Kiswahili kipi. Kwenye karatasi ya sarufi, kipimo ni usanifu na jozi za vitabuni, -me- na -ja-, -li- na -ku-, hata kama barazani watu wanasema vingine. Ubishi huo huo unaikumba "rafiki wangu", ambayo utaisikia mara nyingi.

Tofautisha pia sahihi na sawa kwa maana. Shina likisema "Jaza pengo kwa usahihi: Asha alipofika, mama ____", na machaguo yakawa "alikuwa anapika", "alikuwa akipika" na "alikuwa amepika", la tatu lina maana tofauti: upishi ulikuwa umekwisha. Wanafunzi hulikataa kwa sababu halifanani na wenzake. Lakini shina halikuomba mfanano. Liliomba sentensi iliyo sahihi, na zote tatu ni sahihi. Ukijaza kila moja katika pengo na kuisoma sentensi kuanzia "Asha", utaliona hilo. Ukiyasoma machaguo yakiwa yamepangana, hutaliona. Neno moja la wakati hubadilisha yote: "Watoto ____ sokoni" inapokea wanakwenda, walikwenda na watakwenda, lakini weka "Jana" mbele na linabaki moja tu.

Kwa mazoezi, chukua maswali ya zamani yenye chaguo la namna hii, ulifute kabisa lile la mwisho, kisha andika S, K au ? mbele ya kila lililobaki pamoja na sababu isiyozidi maneno matano: "kiumbe hai, A-WA", "ni ya -li-, siyo -me-". Penye S au K isiyo na sababu, ibadilishe iwe alama ya kuuliza. Hizo ndizo kanuni za kurudia usiku huo.