Mfereji wa sensa na kioo kisichoshika ukungu: pima kwanza ndo ununue

Asalamu aleikum wanajamvi. Naona watu wengi wanaojenga sasa hivi wanataka choo cha ndani kiwe kama cha hoteli, chenye mfereji wa sensa unaofunguka wenyewe ukiweka mkono na kioo kisichoshika ukungu, na mimi kazi hii naifanya, kwa hiyo naandika lile linalowapotezea watu pesa, yaani presha ya maji.

Hatua ya kwanza, chukua futi upime urefu wa kwenda juu kutoka pale mfereji utakapokaa mpaka chini ya tangi. Kila mita moja inakupa presha ya 0.1 bar, basi, ukubwa wa tangi hausaidii kitu, lita 1,000 na lita 5,000 zikiwa usawa mmoja presha ni ile ile. Halafu soma boksi la mfereji, mingi imeandikwa 0.05–0.8 MPa, na hiyo 0.05 ni sawa na 0.5 bar, maana yake unataka mita 5 za maji juu ya mfereji.

Sasa dada yangu Fuoni alishafunga bila kupima. Nyumba ya chini, tangi liko juu ya slabu, nikapima nikapata mita 2.6, na likijaa maji yanaongeza mita moja tu, jumla 3.6. Ukiweka mkono unasikia "tk", maji yanatoka membamba kama uzi, na ukiutoa mkono yanaendelea kudondoka. Fundi wa mwanzo alisema sensa mbovu, akabadilisha betri, ikawa vile vile. Sensa ilikuwa nzima! Ile "tk" ni valvu inafunguka, ila ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachofungwa na presha ya maji yenyewe, sumaku inafungua kitundu kidogo tu, kwa hiyo presha ikiwa ndogo hakifunguki vizuri wala hakifungi vizuri.

Ukisikia "tk" na presha yako inatosha lakini maji madogo, fungua chujio chini ya sinki. Maji yetu ya visima yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, ile ile nyeupe unayoiona ndani ya birika. Funga maji, toa chujio, loweka kwenye siki nusu saa, sugua kwa mswaki mkuukuu. Ikiwa hakuna hata "tk" basi hapo ndo uangalie betri.

Dada tulimpigia hesabu ya pampu ndogo ya kuongeza presha, ila umeme ukizimika na maji ya sinki hakuna, na tangi limejaa juu! Tukarudisha mfereji wa kawaida wa mkono. Kwa nyumba ya chini mimi nasema huo wa sensa haulipi, labda upate ule ulioandikwa kabisa kuwa ni wa presha ndogo.

Kioo ni habari nyengine. Kina hita nyembamba kama karatasi nyuma, inapasha kioo joto kidogo ili mvuke usigande juu yake. Kama unaoga maji baridi na chumba hakina AC, huna ukungu wa kuufukuza, usinunue. Lakini choo kikiwa ndani ya chumba chenye AC, kioo kinapoa, ukifungua dirisha wakati wa masika hewa ya nje inakipiga kinakuwa cheupe hata hujafungulia maji, na hapo hita inafaa kweli. Ya wati 60 ikiwaka saa moja ni uniti 0.06, haionekani kwenye tokeni. Ila ikiachwa usiku na mchana ni uniti 1.44 kwa siku, zaidi ya 43 kwa mwezi, kwa hiyo iwekewe swichi yake nje ya choo, iwashwe dakika kumi kabla ya kuoga.

Spika, saa, taa za rangi tatu sikushauri kuzilipia. Chumvi na unyevu vinakula saketi, na batani ya kugusa ikirukiwa na tone la maji inawaka yenyewe.

MASWALI

Swali (Wete): Fundi, mfereji wa betri au wa adapta?
Jibu: Chukua unaokubali vyote viwili. Wa betri peke yake umeme ukikatika haujali, ila taa ya sensa ikianza kumeta badilisha siku hiyo hiyo.

Swali (Jang'ombe): Kwa kutia udhu si utaokoa maji?
Jibu: Kweli, kwenye mikono na uso, maana unajifunga wenyewe ukiutoa mkono. Miguu ndo shida, huna cha kuweka mbele ya sensa, utabaki unapunga mkono huku mguu uko juu ya sinki. Wekeni mfereji wa chini wa kawaida pembeni.

Swali (Mkoani): Hita haiko hatari na maji?
Jibu: Iwe na waya wa ethi, na kwenye boksi la umeme iwepo ile brika inayokata umeme ukivuja, ya 30 mA. Ina kibatani cha kujaribia, kibonyeze mbele ya fundi kabla hujamlipa, isipokata mwambie abadilishe.

Swali (Bububu): Kioo changu kinasafisha katikati tu, pembeni ukungu, kibovu?
Jibu: Hapana, hita yenyewe ndogo kuliko kioo. Muulize muuzaji ukubwa wa hita, sio ukubwa wa kioo.